Sufuria mbili au sufuria moja? Baba na Mama Neema wanapunguza chumvi na vya kukaanga

Mtu mmoja nyumbani akiambiwa presha iko juu, jikoni huzuka swali ambalo zahanati hawalijibu: apikiwe peke yake, au nyumba nzima ibadilike? Kuna njia tatu ambazo familia nyingi za huku Mbeya hupitia, na hapa nazilinganisha kupitia mazungumzo ya mume na mke. Wawili hawa nimewatunga, tuwaite Baba Neema na Mama Neema wa Uyole, ila maneno yao mtayatambua. Nyumbani wako watano: wao wawili, bibi mzaa baba, Neema wa miaka 14 na mdogo wake wa miaka 8. Baba Neema amepimwa zaidi ya mara moja kwa siku tofauti, na namba ikawa inachezea 152 kwa 96. Ameanzishiwa dawa na kuambiwa apunguze chumvi na mafuta. Hakuambiwa apunguze vipi.

Wameanza mahali ambapo karibu kila mtu huanza.

"Mama Neema, mimi chumvi nimeshaacha," anasema mume. "Tangu wiki iliyopita sijagusa kile kikopo cha mezani. Chumvi mbichi ndiyo mbaya."

"Na ya kwenye maharage?"

"Ile imepikwa. Ikishachemka inakufa nguvu."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua, mama."

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu imani hii ndiyo inayowakwamisha wengi. Chumvi haifi kwa kuchemshwa. Ili tu iyeyuke kwa moto, bila maji, inahitaji joto la nyuzi 801, na sufuria ya maharage haivuki 100. Chumvi uliyotia ikachemka saa nzima ina sodiamu ile ile sawasawa na ya kikoponi, na sodiamu hiyo ndiyo inayoufanya mwili ushike maji, damu ijae kwenye mishipa na presha ipande. Ushauri wa kuacha chumvi mbichi una faida yake, maana inayonyunyiziwa mezani huwa ni nyongeza juu ya iliyokwisha kuwemo. Lakini nyumba inayopika kwa chumvi nyingi haijatatua kitu kwa kuficha kikopo.

Mama Neema ana namna nzuri ya kulionyesha hili, na haihitaji mizani.

"Pakiti ya nusu kilo tulinunua lini?"

"Sijui. Wiki mbili?"

"Siku kumi na mbili. Nakumbuka kwa sababu nilinunua siku ile ya mnada. Na leo nimekung'uta mfuko. Haya, gawanya."

Gramu 500 kwa siku 12 ni karibu gramu 42 kwa siku. Gawa kwa watu watano, kila mmoja anapata gramu 8 na kitu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na mtoto apate pungufu ya hapo kwa kadiri anavyokula. Hapo hatujahesabu chumvi iliyojificha kwenye mkate, chipsi za mtaani, soseji na supu ya asubuhi stendi. Kwa watu watano, pakiti ya nusu kilo ikiisha kabla ya siku 20, sufuria peke yake imeshavuka kipimo. Andika tarehe kwa kalamu juu ya pakiti siku unapoifungua. Mtu anayepika kwa kukadiria kwa vidole hawezi kujua kama amepunguza, ila pakiti itamwambia. Angalizo tu: chumvi ya kuoshea kuku au kusafishia utumbo ichotwe kwenye pakiti nyingine, la sivyo hesabu itakudanganya.

"Basi nipikie kangu pembeni," anasema Baba Neema. "Nyie endeleeni. Kwa nini mama yangu na watoto wateseke kwa ajili ya presha yangu?"

Hii ndiyo njia ya kwanza, sufuria mbili. Ina upendo ndani yake, na ina uzuri wake pia: mgonjwa anapata kipimo chake leo leo, wengine hawanung'uniki. Kuna hali ambazo naiona ndiyo sahihi. Mwenye moyo uliochoka, anayevimba miguu na kukosa pumzi akilala chali, au mwenye figo zilizoharibika na daktari amempa kipimo chake maalumu, hawezi kungoja familia izoee. Na kama kuna mtoto mchanga aliyeanza kula, chake kitolewe bila chumvi kabisa. Kwa hao haihitajiki hata sufuria ya pili: pakua sehemu yao kabla ya kutia chumvi, kisha endelea na iliyobaki.

Kwa Baba Neema, hapana. Mke anamjibu vizuri kuliko ambavyo ningemjibu mimi.

"Mkaa nitawasha mara mbili? Na siku nimechelewa shambani, unafikiri nitapika vyungu viwili? Nitapika kimoja, na wewe utakula hicho hicho. Halafu mama ana presha toka zamani, umesahau? Na Neema analamba chumvi kwenye embe kama mbuzi."

"Watoto hawana presha."

"Wewe ulikuwa nayo ukiwa na miaka kumi na nne?"

Amegusa penyewe. Sufuria mbili humtibu mmoja na kuwaacha wanne wakiendelea na gramu zao nane. Tena huwa haidumu. Anayekula peke yake chakula kilichopooza huku akisikia harufu ya kilichoungwa upande wa pili huanza kuonja, kisha kuchanganya, na mwisho hurudi kwenye sinia la wote.

Njia ya pili ni sufuria moja, chumvi ikatwe ghafla. Baba Neema, akishakubali kwamba ni wote, anataka hii.

"Basi kuanzia kesho nusu. Tumalize."

"Kesho mama atauliza nani amefiwa."

Kukata ghafla kunafaa kwa mtu mmoja aliyeamua mwenyewe. Kwa nyumba ya watu watano, ninayoyaona yanayofuata ni mawili. Bibi anaomba kikopo kirudi mezani na anatia kwa mkono uliojaa hasira. Watoto wanasukuma sahani, kisha jioni wanapitia kibandani na hela ya matumizi. Ulimi uliozoea chumvi nyingi hauionji kidogo, na hauzoei kwa siku mbili. Huchukua wiki kadhaa, ndipo chakula cha zamani kinapoanza kuonekana chumvi tupu.

Ndiyo maana nachagua ya tatu, na wao waliishia hapo: sufuria moja, kwa hatua, pakiti ndiyo iwe kipimo. Pakiti ya kwanza ifike siku 15. Hapo kila mtu anapata gramu 6 na kitu, na kwa mabadiliko madogo hivyo ni wachache watakaogundua. Ya pili ifike siku 20, kila mmoja anakuwa kwenye gramu 5. Ya tatu ifike siku 25, gramu 4, ili ibaki nafasi ya kile kinacholiwa nje. Ukijumlisha ni miezi miwili, na ulimi unapata muda wake. Kidole kinaachwa, kinakuja kijiko kimoja cha chai kinachokaa ndani ya kopo la chumvi na hakitumiki kwa kitu kingine. Anayepika akiwa Neema au dada wa kazi, kijiko ni kile kile.

Kikopo cha mezani walibishania.

"Kikopo ukikitoa, mama atanuna," anasema mume.

"Kikae. Ila kisiwe karibu naye. Na nitaziba matundu, nibakize mawili."

Ni uamuzi mzuri. Mtu anayejiongezea mezani, chakula kikiwa kimepikwa kwa chumvi kidogo, kwa kawaida harudishi yote iliyotolewa jikoni. Hurudisha sehemu tu, kwa sababu chumvi ya juu ya chakula inagusa ulimi moja kwa moja na inasikika upesi. Kwa bibi wa miaka sabini aliyezoea vyake, heshima hiyo ndogo ya kikopo ina thamani kuliko ugomvi.

Sasa maharage, maana hapa kwetu ndipo sodiamu inapoingilia mlango wa nyuma.

Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Maharage yanayoiva pwani kwa muda fulani, huku yanakula mkaa zaidi. Ndiyo sababu wengi hutupia magadi. Magadi ni chumvi ya sodiamu pia, ingawa haionjeki kama chumvi. Kwa uzito ule ule, magadi safi yana kama robo tatu ya sodiamu iliyomo kwenye chumvi ya kawaida. Juu ya hapo, yanaharibu vitamini B1 ya maharage. Mtu anayepunguza chumvi kisha akaongeza magadi ili maharage yalainike haraka amehamisha tu mzigo.

"Bila magadi nitamaliza gunia la mkaa," anasema Mama Neema.

"Yaloweke usiku."

"Nani atayaloweka? Wewe?"

"Nitayaloweka mimi. Nikishafunga geti, naloweka."

Hapo mume amepewa kazi yake, na napenda makubaliano yanayompa kila mtu kazi. Maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha, asubuhi yakamwagwa maji yale na kuwekwa mengine, huiva kwa muda mfupi zaidi. Chumvi itiwe yakishalainika, karibu na kuepua: anayeitia mapema huonja katikati, akaona haitoshi, akaongeza, kisha maji yakakauka na chumvi ikabaki yote. Nunua pia maharage ya msimu huu. Yaliyokaa ghalani mwaka mzima hayalainiki vizuri hata uyaloweke, na hapo ndipo mkono hukimbilia magadi. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa akiwa mkweli atakwambia lipi ni jipya. Ukikosa wa kumwamini, nunua robo kwanza, chemsha, uone.

Vile vipande vya kiungo cha mchuzi vinavyouzwa kimoja kimoja dukani navyo ni vya kuangaliwa. Soma karatasi: kwa kawaida chumvi imeandikwa mwanzoni kabisa mwa orodha, na inaweza kuwa karibu nusu ya kipande. Kipande cha gramu 4 kinaleta hadi gramu 2 za chumvi. Mama Neema alikuwa anatia viwili kwa siku na bado anatia chumvi yake. Walikubaliana hivi: ukitia kipande, kopo la chumvi halifunguliwi. Wiki ya pili akaviacha mwenyewe, kwa sababu kitunguu swaumu, tangawizi, nyanya iliyoiva vizuri na ndimu ya mwisho vilifanya kazi ile ile. Ndimu hasa. Uchachu unaufanya ulimi uridhike na chumvi kidogo, ila uikamulie baada ya kuepua, ikichemka ladha yake inapotea. Kwenye mboga za majani, karanga za kusaga zinafanya vizuri kuliko kiungo chochote cha duka, mradi ziwe zile zisizotiwa chumvi.

Mafuta yalikuwa mjadala mwingine, na hapa wanawake wengi wanadhani wameshamaliza.

"Mafuta mimi nimebadilisha," anasema Mama Neema. "Situmii tena yale yanayoganda. Natumia alizeti."

"Sasa kwa nini bado naambiwa nipunguze?"

Yote mawili ni kweli, tuyatenganishe. Kwa aina, alizeti inayashinda mafuta ya mawese. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale mazito yanayopandisha lehemu mbaya kwenye damu, na ndiyo maana huganda asubuhi ya Julai hapa Uyole. Kwenye alizeti sehemu hiyo ni kama moja ya kumi. Kwa kiasi, hakuna tofauti. Kijiko cha chakula cha mafuta yoyote kina kalori kama 120, yawe ya alizeti, mawese au ya nguruwe. Mwenye presha na tumbo linalokua akibadilisha aina bila kupunguza kiasi, moyo umepata nafuu moja na kunyimwa nyingine, maana uzito wenyewe unapandisha presha.

Galoni nayo inahesabika. Ya lita 5 kwao iliisha siku 25. Hiyo ni mililita 200 kwa siku, mililita 40 kwa kila mtu, vijiko vya chakula viwili na nusu na zaidi. Lengo walilojiwekea ni lita 3 kwa mwezi, ambayo ni mililita 20 kwa mtu. Ila mboga za kuunga si ndizo zilizoimaliza galoni ile. Ilimalizwa na vikaango viwili: maandazi ya asubuhi na chipsi za jioni.

"Lakini mafuta ya chipsi narudisha kwenye chupa," anasema mke.

"Yote?"

Alipima. Kilo moja ya viazi ilipoingia kwenye karai na kutoka, mafuta yalipopoa akayarudisha kwenye chupa aliyokuwa ameichora mstari. Yalikuwa yamepungua vijiko vitano vya chakula. Kilo ile ile siku nyingine akaichemsha na maganda, akaimenya, akaiunga kwa kitunguu, nyanya, bizari na vijiko viwili. Watu ni wale wale na viazi ni vile vile. Kiazi cha kuchemsha kina kalori 85 hivi kwa gramu 100, na chipsi zinakaribia 300, kwa sababu kiazi kimepoteza maji yake na kunywa mafuta mahali pa maji.

Na ile chupa ya mafuta yaliyorudishwa ina tabia yake. Kwa kuwa "yapo tu", anayepika huunga nayo mboga kwa ukarimu, sufuria inaelea. Mafuta yanayorudiwa rudiwa pia yanaharibika, na dalili zake zinaonekana kwa macho: yanakuwa meusi na mazito, yanatoa povu jembamba lisilotulia, na yanaanza kufuka moshi kabla hayajapata moto wa kukaangia. Yakifika hapo, mwaga. Walikubaliana kwamba mafuta yaliyokaangiwa yatatumika mara moja tena, tena kwa kukaangia, basi.

Chipsi hazikufutwa. Watoto walipewa Jumamosi.

"Jumamosi tu?" Neema aliuliza akiwa jikoni.

"Jumamosi, na ukate vipande vinene," mama yake akajibu.

Unene una maana. Kiazi kinanywa mafuta kupitia ngozi yake ya nje, na vipande vyembamba vina ngozi nyingi kuliko vinene kwa uzito ule ule. Vikaushwe kwa kitambaa kabla ya kuingia. Mafuta yapate moto kwanza: kipande cha majaribio kikizama na kukaa kimya, bado. Kikipanda juu kikichemka kwa kelele, tayari. Viazi vilivyotiwa kwenye mafuta ya vuguvugu, au vilivyojazwa karai zima kwa haraka, hutoka vimelegea na vimejaa mafuta, ukivishika vidole vinang'aa. Chumvi itiwe zikishatoka, na iwe ya kunyunyiza kutoka juu kwa vidole viwili.

Hivi ndivyo siku yao ya kawaida ilivyobadilika, upande kwa upande:

| Mlo | Zamani | Walivyokubaliana |
|---|---|---|
| Asubuhi | Maandazi na chai | Viazi vitamu, magimbi au mihogo ya kuchemsha, na chai. Maandazi Jumapili |
| Mchana | Ugali, maharage ya magadi, kipande cha kiungo na chumvi | Ugali, maharage yaliyolowekwa, chumvi ya kijiko mwishoni, ndimu |
| Jioni | Chipsi au ndizi za kukaanga | Viazi vya kuunga kwa vijiko viwili, au ndizi za Tukuyu zilizopikwa na maharage |
| Mboga | Chainizi inayoelea mafuta | Figiri au chainizi, kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria, karanga |

Sikuweka mkate kwenye safu ya walivyokubaliana kwa makusudi. Wengi wakiacha maandazi hukimbilia mkate, na vipande vinne vya mkate mara nyingi vina zaidi ya gramu moja ya chumvi, kabla hujapaka siagi ya kopo ambayo nayo ina yake. Kwa presha, kiazi kitamu kinaushinda mkate mbali sana, na huku kwetu ni rahisi.

Jambo moja la wenyeji wa nyanda hizi nalisema kwa msisitizo. Punguzeni chumvi, msibadilishe mkaenda kwenye chumvi ya mawe isiyo na madini joto kwa kudhani ni ya asili kwa hiyo ni salama. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa kati ya sehemu za nchi zilizosumbuliwa sana na tezi la shingo kwa kukosa madini joto, na chumvi iliyoongezwa madini hayo ndiyo iliyobadilisha hali kuanzia miaka ya 1990. Sodiamu ya chumvi ya mawe ni ile ile. Chumvi kidogo yenye madini joto, iliyofunikwa vizuri mbali na jua na mvuke wa jiko, na kutiwa mwishoni, inatosha kazi zote mbili. Mama Neema akiwa mjamzito tena ningelisema mara mbili, kwa sababu ubongo wa mtoto tumboni unategemea madini hayo. Kuna pia chumvi zinazouzwa kama za wenye presha, ambazo sehemu ya sodiamu imebadilishwa na potasiamu. Kwa mwenye figo zenye shida au anayemeza aina fulani za dawa za presha, potasiamu ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Usinunue kabla ya kumuuliza anayekutibu.

Kilichobaki ni cha nje ya nyumba, na hapo Baba Neema ndiye mwenye funguo.

"Na supu yako ya stendi?" mke anauliza.

"Supu naacha. Hata mimi naiona, inakaushwa mpaka chumvi inashika kwenye midomo."

"Na kitimoto?"

Kimya kidogo. "Kitimoto siachi."

"Sikukwambia uache. Nimekuuliza utakulaje."

Wakakubaliana: mara mbili kwa mwezi, ya kuchoma na si ya kukaanga, na ndizi za kuchoma badala ya chipsi. Na ile chungu ndogo ya chumvi na pilipili inayowekwa pembeni ya sahani, anamwambia muhudumu asiiweke kabisa. Ikiwepo, mkono utachovya tu. Aombe kachumbari isiyotiwa chumvi na ndimu mbili. Muhudumu akishaambiwa mara mbili tatu hukumbuka mwenyewe.

"Na hizi dawa nitaziacha lini?" aliuliza mwishoni.

"Huziachi. Utaenda kupima, wao ndio watakwambia."

Jibu lake ni sahihi. Kwa mwenye presha ya juu, kupunguza chumvi kwa kiasi hiki kunashusha ile namba ya juu kwa pointi 5 hivi kwa wastani. Wengine hupata zaidi, wengine pungufu. Si haba, ila 152 haiji kuwa 120 kwa sufuria peke yake. Mabadiliko huanza kuonekana ndani ya wiki chache, kwa hiyo apime baada ya mwezi, akiwa amekaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, bila kuwa ametoka kunywa kahawa au kupanda mlima wa Uyole kwa miguu. Aende na ile pakiti yenye tarehe pia. Muuguzi akimuuliza kama amepunguza chumvi, atakuwa na jibu lenye namba.